"Mzigo wako bado upo": kwa nini salamu ya sauti inamshika mteja kuliko ya kuandika

Leo nataka tuzungumze jambo dogo ambalo liliniponza, likataka kunikosesha mteja wa miaka miwili. Ni salamu. Si salamu ya dukani, hiyo sote tunaijua. Nasema ile salamu tunayomtumia mteja kwenye WhatsApp, na kama uiandike au uiseme kwa mdomo wako.

Mie nauza mabaibui, mitandio na mashuka hapa Chake. Nusu ya wateja wangu siwaoni. Wapo Wete, Konde, Mkoani, wengine Unguja, na wachache wapo Dubai na Maskati wanaowanunulia mama zao. Kwa hivyo biashara yangu yote inapita kwenye simu, na kwenye simu mtu hauoni uso wako.

Bi mkubwa mmoja wa Wete aliweka oda ya baibui. Bei elfu arobaini na tano, akatanguliza arubuni elfu thelathini. Likafika, likakaa wiki mbili hajaja. Usiku mmoja, saa mbili hivi, nimechoka, nikamwandikia hivi:

"Hujambo bi. Mzigo wako bado upo. 15,000 hujamalizia."

Akajibu "Sawa." Basi, kimya. Baada ya siku nne akaja mjukuu wake dukani, kijana wa skuli, kasimama mlangoni hata kuingia hakuingia. "Bibi kasema umpe elfu thelathini zake."

Nilishtuka. Wallahi sikuwa na nia mbaya hata kidogo. Kichwani mwangu nilikuwa namwambia usiwe na wasiwasi, baibui lako lipo, sijaliuza. Jioni nikamsimulia mama. Akaniambia hebu nisomee hicho ulichomtumia. Nikamsomea, kwa sauti yangu ya kawaida, ya upole. Mama akasema mbona hakina ubaya. Halafu akanyamaza kidogo akauliza: "Na yeye ulimtumia hivyo ulivyonisomea mie?" Nikasema hapana, niliandika. Akacheka. "Basi yeye kausoma kwa sauti yake, si yako."

Hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe. Ukiandika, sauti anaitia msomaji. Bi mkubwa alikuwa anajijua ana deni, ana aibu nalo, basi akanisoma kwa sauti ya mtu anayemdai. Chukua maneno yale yale, "mzigo wako bado upo". Yaseme polepole, sauti ishuke taratibu mwishoni, yana maana ya nimekuhifadhia. Yaseme haraka, neno "bado" ulikaze, yana maana ya utaufuata lini wewe? Herufi ni zile zile, hakuna hata moja iliyobadilika.

Na Kiswahili chetu kina jambo lake hapa. Zipo lugha, kama Kichina, ambazo ukipandisha au ukishusha sauti neno linakuwa neno jingine kabisa. Kiswahili hakiko hivyo. Baibui ni baibui, ulitamke juu au chini. Kwa hiyo kupanda na kushuka kwa sauti sisi tumekuachia kazi nyingine: kuonesha hisia, na kuuliza. Angalia "umeshalipa". Ukiisema sauti ikanyanyuka karibu na mwisho, ni swali. Ikishuka, ni taarifa. Hatuna haja ya kuongeza neno wala kugeuza mpangilio. Sasa kwenye maandishi kazi yote hiyo inabebwa na kialama kimoja cha kuuliza, ambacho wengi wetu tukiandika kwa haraka hatukiweki. Unamwandikia mteja "umeshalipa", wewe unauliza, yeye hajui kama unaulizwa, unathibitishiwa, au unamsuta.

Hili wapo watu waliolipima. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Justin Kruger na Nicholas Epley na wenzao, walitoa matokeo ya majaribio yao. Walimpa mtu sentensi, nyingine za kweli, nyingine za kejeli, azipeleke kwa mwenzake. Wengine walizipeleka kwa barua pepe, wengine kwa sauti. Kabla ya yote wakawauliza wapelekaji, unadhani mwenzako atakuelewa mara ngapi? Wote, wa maandishi na wa sauti, walikisia karibu mara 78 katika 100. Waliosikia sauti walipatia mara 73. Waliosoma maandishi walipatia 56. Hiyo 56 ni karibu sawa na kurusha sarafu juu. Na kinachonishangaza mie si hiyo 56. Ni kwamba mwandishi hakujua. Alijiamini sawasawa na yule wa sauti, kwa sababu yeye alipokuwa anaandika alikuwa anajisikia mwenyewe kichwani. Ndivyo nilivyokuwa mie na bi mkubwa wangu.

Sasa turudi kwake. Sikumrudishia pesa papo hapo. Nilimwambia mjukuu, msalimie bibi, mwambie nitamtumia salamu leo. Kisha nikakaa nikafikiri niseme nini.

Kosa la kwanza niliona ni "hujambo". Mtu mzima kama yule, umri wa bibi yangu, anaandikiwa hujambo? Anastahiki shikamoo. Na zipo nyingine mbaya zaidi tunazozifanya: "Slm", "A.alkm", "Shkm bi". Jamani, salamu ya kukata ni sawa na kumpa mtu mkono huku unaangalia pembeni. Kijana mwenzio hatojali. Mtu mzima wa kwetu anajali. Raha ya kusema ni kwamba salamu kwa mdomo huwezi kuikata, inatoka nzima.

La pili ni kwamba salamu zetu ni za kupokezana. Unasema shikamoo unangoja marahaba. Unauliza kwema, unajibiwa kwema, mnakwenda mbele. Kwenye ujumbe wa sauti mwenzio hayupo, uko peke yako. Wengi wetu hapo tunaharibu. Tunamimina: "Assalamu alaikum shikamoo habari za nyumbani watoto hawajambo kazi zinaendaje basi bwana..." yote kwa pumzi moja. Hiyo si salamu, hiyo ni orodha, na msikilizaji anajua fika kuwa hungoji jibu. Nilichojifunza ni kuacha nafasi. Ukishasema shikamoo, nyamaza kama sekunde moja. Kweli, nyamaza. Mtu mzima akisikiliza, hapo anaitikia "marahaba" mdomoni mwake, nimewaona kwa macho yangu wakifanya hivyo simu ikiwa mkononi. Halafu uliza jambo moja tu, si matano, tena liwe linamhusu yeye. Ukiwa unajua alikuwa na mgonjwa, muulizie mgonjwa.

Hii ndiyo sauti niliyomtumia, naikumbuka karibu neno kwa neno:

"Assalamu alaikum bi mkubwa. Shikamoo." Hapo nikanyamaza. "Ni mie mwanao wa mabaibui, hapa Chake. Goti linaendeleaje? ... Baibui lako lipo, nimelikunja nimeliweka kabatini kwangu, hakuna aliyeligusa. Nakuomba tu uniambie, nilipeleke na gari ya Wete, au utakuja mwenyewe ulijaribu? Lolote utakalo mie sawa."

Sekunde ishirini na tano hivi. Angalieni kilichokuwa hakimo: pesa. Sikutaja kumi na tano elfu hata mara moja. Mara tu baada ya sauti nikamwandikia chini yake:

"Baibui jeusi, urefu 58. Bei 45,000. Ulitanguliza 30,000. Imebaki 15,000."

Kwa nini nikatenganisha? Sababu mbili. Moja ni ya kawaida, hesabu inatakiwa ionekane. Ni tabu mtu kurudi ndani ya sauti kutafuta bei, na sauti huwezi kuitafuta kwenye simu kama unavyotafuta neno lililoandikwa. Bei, saizi, namba ya kulipia, jina la anayepokea mzigo, tarehe, vyote hivyo viandike. Siku mkibishana, maandishi ndiyo yatakayowaamua.

Sababu ya pili sikuijua mpaka baadaye. Bi mkubwa simu yake anafunguliwa na mjukuu. Sauti yangu ilichezwa sebuleni kwa spika, na wageni wamekaa. Mwenyewe aliniambia. Hebu fikiri ningekuwa nimetaja deni! Sauti huwezi kujua inasikilizwa wapi. Kwa hiyo mie kanuni yangu ni kuwa kwenye sauti nasema tu yale ambayo nipo tayari yasikiwe na ukumbi mzima. Kitu cha siri, cha deni, cha nguo za ndani (tunauza na hizo), kinaandikwa.

Baada ya kama saa moja kile kimaikrofoni kidogo pembeni ya ujumbe kikageuka buluu. Hiyo ni alama kuwa umesikilizwa, si umefika tu. Haikupita muda ikaja sauti yake. "Marahaba mwanangu, hujambo? Goti afadhali..." akaanza kunisimulia goti mpaka mwisho. Mwisho kabisa, kama kitu kidogo tu: "Hilo baibui nipelekee na gari, pesa anakuja nayo huyu kijana kesho." Na akaja nayo.

Sasa tuingie kwenye kurekodi kwenyewe, maana watu wengi wananiambia sauti yangu mbaya, naona haya. Si sauti yako. Ni namna unavyorekodi.

Anza na mahali. Maikrofoni ya simu nyingi ipo chini, karibu na pale pa kuchajia. Watu wanaishika simu wamepaziba kwa kidole, sauti inatoka kama mtu aliyefunikwa shuka. Ishike simu kama upana wa kiganja kutoka mdomoni, na uielekeze pembeni kidogo ya mdomo, si mbele yake kabisa, kwa sababu ukitamka "p" na "b" pumzi inapiga maikrofoni inafanya pu, pu. Na sisi wa mabaibui na bei tuna hizo "b" nyingi.

Zima feni. Sikio lako limeshaizoea, huisikii, lakini simu inaisikia na inakuja kama upepo wa bandarini. Friji la vinywaji pia linanguruma. Mvua kwenye bati ndiyo usijisumbue kabisa, ngoja iishe au andika. Chumba kitupu chenye ukuta wa saruji kinarudisha sauti, unasikika kama upo kisimani. Wenzangu mnaouza nguo tuna bahati hapa: nguo zilizotundikwa zinameza mwangwi. Mie nikitaka kurekodi naingia kati ya mabaibui, natoka na sauti safi utadhani nipo redioni. Anayeuza vyombo akae karibu na godoro au pazia zito.

Kisha usishikilie kile kitufe cha maikrofoni muda wote kwa kidole. Kikandamize, kisha telezesha kidole juu kwenye alama ya kufuli, itaendelea kurekodi yenyewe, mikono yako inakuwa huru. Unaweza kuisimamisha katikati, ukapumua, ukaendelea. Na kabla ya kutuma unaweza kujisikiliza. Hii ya kujisikiliza WhatsApp wameiweka miaka ya karibuni tu, wakati sauti zenyewe zipo tangu 2013. Ilikuwa zamani ukiachia kidole imekwenda, na makohozi yako. Sasa jisikilize. Ukiona umeharibu, bonyeza kipipa cha taka, anza upya. Ila usirudie mara kumi. Mara ya tatu au nne sauti inakuwa imekariri, inapoa. Mie nairekodi mara mbili, ikizidi tatu, naituma na kasoro zake. Kukwama kidogo kwa neno hakumuudhi mtu. Wakati mwingine ndicho kinachomfanya ajue kuwa unaongea naye yeye.

Halafu tabasamu. Najua inaonekana upuuzi, unatabasamu na ukuta. Lakini tabasamu linasikika. Ukitabasamu midomo inavutika kwa pembeni na kurudi nyuma, kile kinjia cha sauti kutoka kooni mpaka midomoni kinafupika, na sauti inayotoka inakuwa angavu zaidi. Mtafiti mmoja, Vivien Tartter, alilipima hili mwaka 1980: watu waliosikilizishwa sauti tupu bila kuona uso waliweza kumtambua aliyezungumza huku anatabasamu. Jaribu mwenyewe sasa hivi. Sema "karibu sana" umenuna, kisha useme umetabasamu, rekodi zote mbili, mpe mtu wa nyumbani asikilize bila kumwambia chochote. Usitabasamu mpaka meno yote nje, hapo unaanza kusikika kama tangazo la sabuni. Tabasamu lile la kumwona mtu unayemjua anaingia mlangoni, linatosha.

Jambo jingine ni kasi. Tukiwa na haya tunakwenda mbio, na mwendo wa mbio kwenye sauti unasikika kama una kazi nyingine ya maana zaidi yake. Punguza. Na mwisho wa sentensi usiukate ghafla, uache ushuke. Usikilize watu wazima wa kwetu wanavyosema "haya mwanangu", ile "haya" wanaivuta. Hiyo ndiyo inayobeba mapenzi, neno lenyewe halina kitu. Ila usiige sauti ambayo si yako. Nilijaribu siku moja kuongea laini kama mtangazaji, mteja akaniuliza, "Leo unaumwa?"

Urefu? Mie sizidishi nusu dakika kwa salamu. Mtu akiona dakika tatu anaiacha mpaka jioni, na jioni anaisahau. Au anaiongezea kasi, maana siku hizi WhatsApp inaruhusu kusikiliza mara mbili ya mwendo, na ile joto yote uliyoitia inageuka sauti ya bata. Kuhusu bando usihofu, sauti ya nusu dakika haifiki hata megabaiti moja, ni nyepesi mno kuliko video na kwa kawaida ni nyepesi hata kuliko picha moja nzuri ya baibui.

Kwa wateja wa Ughaibuni sauti ina faida yake ya pekee. Dubai, simu ya kupiga kwa WhatsApp kwa muda mrefu imekuwa ikizuiwa. Unapiga haiingii, au inaingia hamsikilizani. Lakini ujumbe wa sauti unapita bila tabu. Nina mteja mmoja yuko huko, anamnunulia mama yake wa Konde mashuka kila karibu na Idi. Aliniambia hanunui kwangu kwa sababu ya bei, bei zangu anajua si za chini. Anasema akiisikia sauti inayosema "hujambo bibie, za huko?" kwa lafudhi ya kwetu, akiwa kwenye basi la kazini, anaiweka aisikilize tena. Hilo huwezi kuliandika. Lafudhi haina herufi. Kumbuka tu wao wametutangulia saa moja, ukituma saa nne usiku kwao ni saa tano.

Mama yangu aliposikia habari ya huyu mteja akasema nyinyi mnaona jambo jipya. Anasimulia kwamba wao zamani, jamaa aliyekuwa Uarabuni akileta kaseti iliyorekodiwa salamu, nyumba nzima inakaa kuizunguka redio, na kabla ya kuisikiliza wanawaita majirani.

Sasa, zipo sehemu ambazo sauti si pahala pake, na hizi nimezijua kwa kuungua.

Mteja mpya asiyekujua usimwanzie na sauti tupu. Anaona namba ngeni na sauti, hajui ni nani, anaogopa hata kuifungua mbele za watu. Mwandikie kwanza mstari mmoja, "Assalamu alaikum, ni mie wa mabaibui Chake, uliniuliza jana bei ya mtandio." Kisha ndiyo sauti. Na kama yeye kauliza kwa maandishi bei ngapi, mjibu bei kwa maandishi. Anaweza kuwa kazini, darasani, au kwenye gari hana vipokea sauti vya masikioni. Akikuandikia mara mbili baada ya wewe kumtumia sauti mbili, amekwambia kitu bila kukutamkia: anataka maandishi. Mfuate. Nina mteja mwingine hasikii vizuri, nilimtumia sauti mwezi mzima kabla sijajua. Aliona haya kusema. Siku hizi mteja mpya namuuliza mapema, "unapenda nikuandikie au nikutumie sauti?" Imeisha.

Halafu kuna la heshima. Kaka zangu mnaouzia kina mama vitu, sauti ya mwanaume saa nne usiku kwenye simu ya mke wa mtu, hata kama inasema mchele umefika, inaweza kuleta maneno ndani ya nyumba. Sauti ina ukaribu, ndiyo nguvu yake, na ndiyo hatari yake. Tuma mchana, anza na jina la duka lako, ongea moja kwa moja, na usiivute ile "haya" niliyoisema juu. Na dada zangu ambao hamtaki sauti zenu zisambazwe, mna haki. Ujumbe wa sauti mtu anaweza kuusambaza popote kwa kubonyeza mara mbili. Ipo sehemu ya kutuma ili usikilizwe mara moja tu ukapotea, kile kialama cha "1" ukiwa umefunga kufuli la kurekodi, lakini bado mtu anaweza kuweka simu nyingine pembeni akakurekodi. Ukiona moyo hautaki, andika, andika vizuri, na salamu nzima.

La mwisho, na hili naomba mnisikilize. Usirekodi salamu moja ukaisambaza kwa watu arobaini. Nilifanya hivyo Ramadhani moja. Nikasema "wapendwa wateja wangu wote", sauti nzuri, tabasamu, kila kitu, nikaisambaza kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kwanza ule ujumbe unakwenda na alama kuwa umesambazwa, kwa hiyo mtu anajua si wake kabla hata hajaufungua. Pili, neno "wote". Mtu hasalimiwi kwa wingi. Walionijibu walikuwa wawili, na mmoja ni shangazi yangu. Kama una wateja arobaini, chagua watano wa leo. Wataje jina au cheo wanachopenda kuitwa, bi mkubwa, maalim, mama fulani, ami. Sekunde ishirini kila mmoja, kwa watano ni chini ya dakika mbili za kuongea. Kesho watano wengine. Kwa siku nane umewamaliza wote, na wengi watakuwa wameshakujibu.

Bi mkubwa wa Wete sasa haandiki kabisa. Ananitumia sauti tu, ndefu, dakika tatu, nne, za goti, za mjukuu, za mvua ilivyomharibia migomba, na mahali fulani katikati yake huwa kuna oda. Inabidi nisikilize zote ili niikute. Nikiikuta namwandikia chini yake: rangi, saizi, bei.